Mama mkubwa si shangazi

Tafsiri iliyovunjika haina hatari kubwa. Mtu akiletewa sentensi isiyo na kichwa wala miguu anajua papo hapo kwamba kuna kitu kimeharibika, na atampigia simu aliyeandika. Inayoumiza ni ile inayosomeka vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho huku ikisema jambo jingine. Huyo aliyeipokea hana sababu ya kuuliza. Anaitekeleza.

Ndiyo maana mwandishi wa safu hii anapinga njia mbili ambazo watu wengi huzitegemea wanapokagua ujumbe uliotafsiriwa kati ya Kiingereza na Kiswahili. Ya kwanza ni kulinganisha neno kwa neno, ya pili ni kuurudisha ujumbe kwenye lugha ulikotoka ili kuona kama unafanana na ule wa mwanzo. Zote mbili zinakamata makosa madogo na kuyaachia makubwa. Ukaguzi wa kweli unahitaji msomaji wa tatu, mtu ambaye hajauona ujumbe wa kwanza, anayesomewa tafsiri na kuulizwa ameelewa afanye nini, lini, na aliyemwandikia anamheshimu kiasi gani.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni Chamazi. Ni kata ya Temeke ambayo nchi nzima inaijua kwa uwanja wa Azam Complex, lakini wakazi wake wengi huamka kabla ya jua na kupanda daladala kuelekea Mbagala na Barabara ya Kilwa, kwenda makazini. Katika sehemu nyingi za kazi jijini, mlangoni na kwenye mashine kunasemwa Kiswahili, na ofisini kunaandikwa Kiingereza. Katikati anasimama msimamizi wa zamu mwenye simu mkononi. Hakuna aliyemwajiri awe mkalimani, ila kila ujumbe wa ruhusa, wa ugonjwa na wa msiba unapitia kwake.

Mfano utakaofuatwa hapa umetungwa kwa ajili ya safu hii, kwa vipande vya kawaida vya mawasiliano ya kazini. Mfanyakazi ni mama aliyepita miaka hamsini, anayeitwa kazini kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Msimamizi wake ni kijana wa Kitanzania wa umri wa watoto wake. Meneja wa rasilimali watu ametoka nje na hasomi Kiswahili. Asubuhi ya Jumatatu mama anaandika:

“Habari za asubuhi, mwanangu. Nimefiwa na mama mkubwa, msiba uko hapa Chamazi, mazishi ni kesho baada ya adhuhuri. Naomba ruhusa ya siku nne kuanzia leo. Naomba unisaidie kwa hilo.”

Msimamizi anautafsiri kwa haraka na kuupeleka juu. Kiingereza chake ni safi, hakina kosa la sarufi hata moja. Lakini ukiuchukua ujumbe aliousoma meneja na kuueleza kwa Kiswahili jinsi ulivyomfikia, unasema hivi: mtoto wangu, shangazi yangu amekufa, mazishi ni kesho mchana, naomba likizo ya siku nne, nakuomba msaada.

Tuanze na marehemu. Kiingereza kina neno moja, “aunt”, kwa dada wa baba, dada wa mama, na hata wake za wajomba na wa baba wadogo. Kiswahili kinawatenganisha. Shangazi ni dada wa baba. Mama mdogo na mama mkubwa ni dada za mama, na neno lenyewe linataja cheo chao: ni mama. Anayefiwa na mama mkubwa hukaa msibani kama mwana wa marehemu, hupokea wageni, na mara nyingi ni mmoja wa wale wanaosubiriwa kabla ya jeneza kutoka. Meneja aliyesoma neno la Kiingereza amepata picha ya ndugu wa mbali kidogo, ambaye kwao mtu huenda kumzika asubuhi na kurudi kazini kesho yake. Siku nne akaziona nyingi.

Hapa kuna sheria pia, si hisia tu. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama ilivyotungwa mwaka 2004, kinampa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki, au anapofiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na hesabu ya ukoo iliyomo ni ya Kiingereza. Mama mkubwa hatajwi. Ndiyo maana msimamizi mwingine mwenye huruma hufanya kosa la upande wa pili: anaandika kwamba marehemu ni mama mzazi, ili mambo yaende. Kwa maoni ya safu hii hilo ni baya zaidi. Siku moja mama mzazi atafariki kweli, na kwenye jalada atakuwa ameshazikwa. Mtafsiri hana mamlaka ya kumpandisha marehemu cheo. Anachopaswa kuandika ni maelezo: dada mkubwa wa mama yangu, ambaye katika ukoo wetu ana nafasi ya mama, na kama ndiye aliyemlea mfanyakazi, basi hilo nalo litajwe. Maneno yanaongezeka, uamuzi unabaki kwa meneja, naye sasa anaamua akijua anaamua juu ya nini. Sheria imeweka kiwango cha chini. Haimkatazi mwajiri kutoa zaidi.

Neno “ndugu” lina mtego uleule kwa nguvu zaidi. “Nimefiwa na ndugu yangu” inaweza kuwa kaka wa tumbo moja, mtoto wa baba mkubwa, au jamaa wa kijijini ambaye undugu wake unahesabiwa kwa majina ya mababu watano. Mtafsiri akichagua neno la Kiingereza la ndugu wa kuzaliwa naye, mfanyakazi ana haki ya siku nne. Akichagua neno la jamaa, hana. Haki ya mtu imeamuliwa na kidole kwenye simu, na Kiswahili cha ujumbe hakikusema lolote kati ya hayo mawili. Suluhisho lake ni fupi kuliko maelezo yake: piga simu uulize, “Tumbo moja?” Kila Mtanzania anajua swali hilo lina maana gani, na halimkwazi aliyefiwa.

Kisha ruhusa. Mama aliomba ruhusa. Meneja akasoma “leave”, neno ambalo ofisini kwake linafungua kitabu cha likizo. Kwa lugha ya kazini hapa kwetu, likizo ni zile siku za mwaka, ambazo sheria hiyohiyo inaziweka kuwa angalau 28 mfululizo. Ruhusa ni siku chache za dharura. Mtu hawezi kufiwa akasema anaenda likizo, watu watamshangaa. Katika Kiingereza cha ofisi neno moja linabeba yote mawili, na lisipoongezewa kitu linamaanisha likizo ya mwaka. Matokeo yake mama anaweza kurudi, akafanya kazi miezi mitano, na Desemba akaambiwa kwamba likizo yake imepungua siku nne. Hatakumbuka kabisa kwamba chanzo ni ujumbe wa Jumatatu ile. Hivi ndivyo makosa ya aina hii yanavyojificha: athari inafika mbali na siku yake.

Na ile sentensi ya mwisho, “naomba unisaidie kwa hilo”? Kwa Kiswahili cha Tanzania “naomba” ndiyo njia ya kawaida kabisa ya kudai kitu kwa adabu. Mtu dukani huomba sukari huku ameshika pesa yake. “Nisaidie” nayo mara nyingi haina msaada ndani yake. Ni kumwambia mwenzio kwamba jambo liko mikononi mwake na unamheshimu kwa hilo. Ikigeuzwa neno kwa neno, mfanyakazi anayeomba haki yake anaonekana anaomba sadaka, na meneja anaanza kuwaza kama kampuni inachangia jeneza. Wala hili haliko kati ya Kiswahili na Kiingereza peke yake. Wakenya wengi wa Nairobi huwashangaa Watanzania kwa kuombaomba, kwa kuwa kwao “nipe chai” haina ukali, na Mtanzania akiisikia anadhani amekosewa adabu. Msimamizi anayefanya kazi chini ya meneja kutoka Nairobi asidhani amepona kwa sababu lugha ni moja.

Jibu la meneja lilikuja kwa Kiingereza kizuri, na lilikuwa la mtu mwema. Alitoa rambirambi, akasema suala lake la malipo ya siku hizo linaangaliwa, akasema anamtarajia arudi Ijumaa zamu ya asubuhi, na akaomba kwa upole nakala ya kibali cha mazishi. Msimamizi, akiwa na mashine mbili zilizosimama na watu wanamsubiri, akamtumia mama hivi:

“Habari. Pole kwa hasara yako. Tunaangalia kesi yako. Unapaswa kurudi kazini Ijumaa saa 7. Tafadhali ungeweza kuleta nakala ya kibali cha mazishi.”

Kila neno la Kiingereza limepata mwenzake. Lakini mama aliyeketi kwenye mkeka uani Chamazi, na wanawake wenzake pembeni, amesomewa barua ya mtu aliyemkasirikia.

“Hasara” ni ya pesa na mali. Mfanyabiashara anapata hasara, gari likianguka ni hasara, mtoto mtundu anaambiwa ni hasara tupu. Kiingereza kinatumia “loss” kwa mali iliyopotea na kwa mtu aliyefariki, na kamusi za Kiingereza na Kiswahili zitatoa hasara mapema kwa sababu ndiyo maana inayotumika sana. Aliyefiwa haambiwi amepata hasara. Anaambiwa pole kwa msiba, na kwa kawaida anaambiwa “poleni”, kwa wingi, maana msiba hauwi wa mtu mmoja. Herufi mbili tu mwishoni mwa neno, na familia nzima imeingia kwenye rambirambi.

“Kesi” ndiyo iliyomtisha. Neno hili limetoka Kiingereza na sura yake haijabadilika sana, kwa hiyo msimamizi aliliamini kuliko maneno mengine yote. Lakini lilipoingia Kiswahilini lilibeba maana moja tu kati ya nyingi za kule: shauri la mahakamani au la polisi. Kwa Kiingereza mgonjwa wa kipindupindu ni “case”, ombi lililo mezani ni “case”, kreti ya soda ni “case”. Kwetu, mwenye kesi ana kesi. Mama alisoma kwamba kazini kuna shauri dhidi yake, na jioni ile akaanza kutafuta mtu anayemjua mtu wa chama cha wafanyakazi. Watu wengi wanaamini kwamba maneno ya mkopo ndiyo salama kuyatumia katika tafsiri, kwa kuwa yanafanana pande zote. Ni kinyume chake. Neno la mkopo husafiri na sehemu ya mzigo wake, na sehemu nyingine likaiacha kwao. Hoteli ya Mbagala Rangi Tatu ni mahali pa kula ugali na samaki, hakuna kitanda. Ofa kwa vijana ni soda ya kununuliwa na rafiki, na kwa anayetafuta kiwanja ni barua ya ardhi. Mkaguzi aliyekwisha kuona neno linafanana pande zote mbili ndipo asimame, aulize mara mbili.

Na hakuna kinachofanana pande zote kuliko tarakimu. Meneja aliandika 7, tafsiri ikasema 7, na mkaguzi anayelinganisha mistari angeweka alama ya vema bila wasiwasi. Zamu ya asubuhi inaanza saa moja kamili, wakati saa ya simu ikionyesha 07:00. Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo tofauti na saa ya Kiingereza ni sita daima. “Ijumaa saa 7” kwa mama ni saa saba mchana. Kama ingeandikwa “saa 7 asubuhi” angalau ingemshtua, kwa kuwa hakuna saa saba ya asubuhi, na angeuliza. Bila neno la kipindi, kosa ni kamili na halina mshono. Atafika Ijumaa mchana, akiwa amewahi kabisa, na kwenye daftari la getini atakuwa ameshakosekana tangu alfajiri.

Huko nyuma, katika ujumbe wa kwanza, kulikuwa na saa nyingine iliyopotea. “Baada ya adhuhuri” ni baada ya sala ya adhuhuri, yaani karibu saa saba. Kiingereza cha msimamizi kilisema mchana, na wenzake wa ofisini waliotaka kuzika wangefika saa tisa na kukuta watu wananawa mikono.

Sasa heshima, ambako ndiko mwandishi wa safu hii anaona uharibifu mkubwa usioonekana. Kiingereza huongeza upole kwa kurefusha kitenzi na kukirudisha nyuma: kutoka kuamuru, kwenda kuuliza kama mtu anaweza, kwenda kuuliza kama angeweza. Kadiri kitenzi kinavyokwenda mbali na ukweli wa sasa, ndivyo kinavyokuwa laini. Kiswahili hakifanyi hivyo. Kiambishi -nge- kinataja sharti ambalo halijatimia, na sentensi yake ikikatwa katikati inaacha lawama hewani. “Ungeweza kuleta kibali” inamfanya msikilizaji asubiri kipande cha pili: ungeweza, lakini hukuleta. Meneja alikuwa amechagua namna laini kuliko zote alizonazo, na kwa Kiswahili ikatoka kama shutuma kwa mtu ambaye hata hajazika.

“Tafadhali” haikuokoa kitu. Imani kwamba ukiweka neno hili umeweka adabu ni ya shuleni zaidi kuliko ya mtaani. Tafadhali linaandikwa kwenye matangazo ya benki na hospitali. Likitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, hasa likitangulia, mara nyingi ni onyo. “Tafadhali bwana!” haisemwi na mtu anayebembeleza. Adabu ya Kiswahili imekaa sehemu nyingine: kwenye salamu, kwenye jina la kumwitia mtu, na kwenye “naomba” ikifuatwa na kitenzi chenye -e mwishoni. Tunaomba utuletee. Hapo hakuna lawama wala amri, na mama ataleta kibali kwa moyo mweupe.

Salamu ndiyo iliyobaki, na ndiyo ngumu, kwa sababu katika Kiingereza haibebi heshima ileile. Meneja alianza kwa salamu fupi na jina la kwanza la mama, jambo la kawaida kabisa kwao. Msimamizi aliligeuza kuwa “Habari” kavu. Kijana haanzi ujumbe kwa mama wa miaka hamsini na kitu, aliye msibani, kwa habari. Anaanza kwa shikamoo. Cheo cha kazi hakiondoi hilo. Katika ofisi za Tanzania bosi kijana humwamkia mhudumu mzee kila asubuhi na hakuna anayeona ajabu. Wapo watakaosema kwamba kuongeza shikamoo ni kumwekea meneja maneno mdomoni. Safu hii haikubaliani nao. Meneja alikuwa na adabu katika lugha yake, na tafsiri isiyo na shikamoo ndiyo inayomsingizia, kwa kumwonyesha kama kijana aliyekosa malezi. Kadhalika upande wa pili, “mwanangu” wa mama isitafsiriwe kuwa mtoto wangu kwa meneja. Haikuelekezwa kwake, na hata ingeelekezwa kwake, kwa Kiingereza ingemdogosha wakati kwa Kiswahili ilikuwa inamkaribisha.

Kuna mpaka, hata hivyo. Salamu na majina ya heshima yanaweza kuongezwa kwa sababu hayabadilishi nani anadaiwa nini. Nguvu ya agizo haiguswi. Kama meneja ameandika kwamba anatarajia arudi Ijumaa, isiwe anaamuru. Kama ameamuru, isilainishwe ikawa ombi ambalo mama anaweza kulikataa. Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa hili. Mkataba wa Wuchale, uliotiwa saini Mei 2, 1889 kati ya Italia na Mfalme Menelik wa Ethiopia, uliandikwa kwa lugha mbili. Kifungu cha 17 katika Kiamhari kilimpa Menelik hiari ya kutumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Katika Kiitalia kilimlazimisha. Italia ikadai kwamba Ethiopia iko chini yake. Menelik akaukataa mkataba, na mgogoro ule uliishia vitani Adwa, Machi 1, 1896. Kitenzi cha hiari na kitenzi cha lazima havibadilishani nafasi, hata kwenye ujumbe wa simu wa mistari mitano. “Unaweza kulipa kabla ya tarehe 30” na “unatakiwa kulipa kabla ya tarehe 30” si mitindo miwili ya sentensi moja.

Turudi kwenye njia inayopendwa, ya kuurudisha ujumbe kwenye lugha yake ya kwanza. Katika utafiti inatumika sana, na mwanasaikolojia Richard Brislin aliiandikia makala yenye ushawishi mkubwa mwaka 1970. Watu humtaja kama shahidi wa ubora wake, wakisahau kwamba makala hiyohiyo ilionya: watafsiri wawili wakiwa na mazoea yaleyale ya kulinganisha maneno, ujumbe utarudi ukiwa mzima hata kama katikati umeharibika, na mtafsiri hodari wa kurudisha anaweza kuipa maana tafsiri mbovu bila kujua. Jaribu na jibu la meneja. “Kesi” itarudi “case”. “Hasara” itarudi “loss”. Saba itarudi saba. “Ungeweza” itarudi palepale ilipotoka. “Pole” itarudi “sorry”. Ujumbe wote umepita mtihani kwa alama zote, na bado mama anatafuta mtetezi.

Hilo la mwisho, pole, linastahili nafasi yake. Kiingereza kina neno moja kwa kumsikitikia mtu na kwa kukiri kosa; Kiswahili kinatenganisha pole na samahani. Mwajiri aliyechelewesha mshahara akiandika kwa Kiingereza kwamba anaomba radhi, na tafsiri ikasema “poleni kwa kuchelewa kwa mshahara”, wafanyakazi wanasoma kwamba anawahurumia kwa jambo lisilomhusu. Kwa upande wa pili ni hatari kisheria. Dereva aliyeshuhudia ajali akimtumia majeruhi “pole sana ndugu yangu”, na ujumbe ukatafsiriwa kwa kampuni ya bima kwa neno la Kiingereza lisilofafanuliwa, mtu asiyejua Kiswahili anaweza kuona amekiri. Hapo mtafsiri aandike kwamba anampa pole kwa yaliyomfika, amalize utata.

Kinachofaa, basi, kinaanza kabla ya kutafsiri. Msimamizi apigie mstari majina ya undugu, saa na siku, maneno ya ruhusa na lazima, na kila neno lililofanana pande zote. Asilolijua aulize, kwa simu, kabla ya kuandika. Akishamaliza, amsomee mtu wa karibu asiyeijua habari hiyo, mlinzi au mwenzake wa zamu, amuulize maswali machache: huyu anatakiwa afike saa ngapi, kuna kosa analotuhumiwa, na ungekuwa wewe ungejisikiaje? Mlinzi akisema “saa saba mchana” na “naona wana kesi naye”, kazi imeshafanyika, na imechukua muda mfupi kuliko kuandika upya kamusi nzima. Sharti la msomaji huyu ni moja, nalo linavunjwa sana: asionyeshwe Kiingereza. Akishakiona ataelewa kilichokusudiwa badala ya kilichoandikwa. Ndiyo sababu pia mtu anayezijua lugha zote mbili vizuri huwa mkaguzi dhaifu wa kazi yake mwenyewe.

Ofisi nayo ina wajibu. Ikae na orodha fupi ya maneno yake, iliyokubaliwa na meneja: ruhusa ya msiba iandikwe vipi kwa Kiingereza ili isiingie kwenye likizo ya mwaka, saa ziandikwe kwa namna zote mbili, ndugu waelezwe kwa uhusiano wao. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yamepunguza pengo kwenye mabaraza, lakini hayajafika kwenye simu ya msimamizi.

Kwa utaratibu huo jibu la meneja lingemfikia mama hivi:

“Shikamoo mama. Poleni sana kwa msiba, wewe na familia yote. Suala la malipo ya siku hizi za ruhusa linashughulikiwa ofisini. Tunakutarajia kazini Ijumaa saa 1 asubuhi (07:00). Ukija, tunaomba utuletee nakala ya kibali cha mazishi.”

Bado kuna tundu moja, na mtafsiri haruhusiwi kuliziba mwenyewe: linashughulikiwa mpaka lini? Meneja hakusema. Mtafsiri mzuri anarudi kwake na kumuuliza kabla ya kutuma, maana kwa mfanyakazi aliyezoea kuambiwa “tutaangalia”, sentensi hiyo bila tarehe ni hapana iliyotamkwa kwa upole.

Ujumbe wa kwanza wa mama, kwa Kiswahili chake, uhifadhiwe kama ulivyo pamoja na tafsiri. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na kinachobishaniwa pale mara nyingi ni kama mtu aliomba ruhusa au aliondoka tu. Picha ya skrini ya maneno yake mwenyewe, yenye tarehe na saa, itaonyesha aliomba nini. Tafsiri pekee itaonyesha msimamizi alielewa nini.